Faili la Word Linapokataa Kutulia

Msimu wa kukabidhi tasnifu unapofika, steshenari za jirani na vyuo hujaa watu wenye lalamiko moja. Nyumbani faili lilikuwa sawa: namba za vichwa zimefuatana na ramani imekaa juu ya maelezo yake. Likifunguliwa kwenye kompyuta ya kuchapia, kichwa namba 3.4 kinafuatwa na 1.1, ramani imerukia ukurasa wa mbele, na pambizo ya kushoto imebadilika. "Dada, kwangu haikuwa hivi." "Kaka, mimi nimefungua tu, sijagusa kitu." Wote wawili wanasema kweli, lakini foleni iko nyuma yao na siku ya mwisho ni kesho, kwa hiyo mhudumu anaanza kuvuta picha kwa kipanya na kugonga Enter mpaka ukurasa upendeze. Hapo ndipo tatizo dogo linapogeuka kubwa.

Mafaili mengi tunayoambiwa yameharibika hayajaharibika. Yanatii amri zilizoandikwa mahali ambapo macho hayafiki, na aliyeziandika mara nyingi ni mwenye faili mwenyewe, bila kujua. Uharibifu wa kweli upo na nitaufikia, ila anayeanza kwa kuusingizia atapoteza usiku mzima. Kazi ya kwanza ni kujua kila amri inakaa wapi: ya namba, ya pambizo na ya picha, kwa sababu kila moja ina makao yake.

Nitatumia mfano wa tasnifu moja ya uzamili kuhusu matumizi ya maji katika bonde la mto Ruvu, kurasa 140, iliyopita kwenye kompyuta ya mwanafunzi, ya msimamizi wake na ya steshenari. Ilikuwa na matatizo yote matatu, na chini yake la nne.

Kabla ya kugusa chochote, nakili faili na ufanyie kazi nakala. Kisha bonyeza `Ctrl+Shift+8`. Ukurasa utajaa vidoa na alama: nukta kila palipo na nafasi, na alama ya ¶ kila mwisho wa aya. Wengi huiona hali hii ni uchafu, huizima haraka. Ukweli ni kwamba usipoiwasha unatengeneza gizani. Alama ya ¶ ndiyo inayobeba mpangilio wa aya yote iliyo mbele yake, yaani nafasi ya mistari, ujongezi, mtindo na namba. Ukiifuta, aya mbili zinaungana na mojawapo inapoteza sura yake. Kwenye tasnifu ile, alama hizo zilionyesha jambo jingine mara moja: kila sura ilikuwa imesukumwa kwenda ukurasa mpya kwa msururu wa Enter. Msururu wa namna hiyo unatosha kwenye kompyuta moja tu. Fonti ikibadilika kidogo, kichwa cha sura kinaangukia katikati ya ukurasa. Tulizifuta zote, tukaweka kishale mbele ya kichwa cha kila sura na kubonyeza `Ctrl+Enter` mara moja.

Sasa namba. Mwandishi huiona 3.4 akadhani imeandikwa pale, kumbe haipo kwenye maandishi. Word huihesabu upya kila inapopanga ukurasa, kwa kufuata orodha ambayo aya imeandikishwa. Ukilifungua faili la `.docx` kwa ndani, utakuta kwenye aya ya kichwa amri kama hii:

```xml
<w:numPr>
  <w:ilvl w:val="1"/>
  <w:numId w:val="7"/>
</w:numPr>
```

Mstari wa `ilvl` unataja ngazi. Kwa kuwa hesabu inaanzia sifuri, 1 ni ngazi ya pili, ile ya 3.1, 3.2 na kuendelea. Mstari wa `numId` unataja orodha yenyewe. Kwenye tasnifu yetu vichwa vya 3.1 mpaka 3.4 vilikuwa na `numId` ya 7. Kichwa kilichofuata kilikuwa na 23. Kwa macho vilifanana kila kitu, fonti, ukubwa na wino mzito, lakini vilikuwa kama wanafunzi waliokaa dawati moja huku majina yao yakiitwa kutoka madaftari mawili tofauti ya mahudhurio. Orodha ya 23 ilikuwa haijawahi kuhesabu sura yoyote, ikaanza na 1.1.

Imeingiaje? Mwanafunzi alinakili aya kutoka pendekezo lake la utafiti, ambalo lilikuwa faili jingine, akazibandika. Aya zinapohamishwa hivyo huja na orodha zao. Baadaye alipoona namba imeanza upya aliibofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya, akachagua `Continue Numbering`, na siku nyingine `Restart at 1`. Kila alipoanzisha hesabu upya, Word ilimtengenezea tawi jipya la orodha. Baada ya miezi sita ya kufanya hivyo, faili lina orodha kadhaa zinazoshindana, na kila ukitengeneza moja, nyingine inachomoza.

Huhitaji kufungua matumbo ya faili ili kuliona hili. Bofya mara moja juu ya namba yenyewe, kwa mfano juu ya 3.2. Namba zote za ngazi hiyo zilizo kwenye orodha ileile zitageuka kijivu. Shuka kurasa polepole: kichwa ambacho namba yake haikugeuka ni cha orodha nyingine. Huu ndio uchunguzi wenye faida kuliko wote ninaoujua kwa matatizo ya namba, na hauchukui hata dakika mbili.

Dawa yake haiko kwenye kitufe cha namba. Iko kwenye mitindo ya vichwa: `Heading 1` kwa sura, `Heading 2` kwa sehemu, `Heading 3` kwa vifungu. Weka kishale kwenye kichwa cha sura ya kwanza, nenda `Home`, bofya `Multilevel List` na uchague ile inayoonyesha majina ya `Heading` pembeni ya namba. Kisha rudi palepale, ingia `Define New Multilevel List`, bofya `More >>`, uhakikishe kwamba ngazi ya 1 imeunganishwa na `Heading 1` kwenye kisanduku cha `Link level to style`, ya 2 na `Heading 2`, na ya 3 na `Heading 3`. Kuanzia hapo orodha ni moja, na mtindo ndio unaoibeba. Vichwa vilivyopotea vifuate kimoja kimoja: weka kishale ndani yake, bonyeza `Ctrl+Q` ili kukivua mpangilio wa kubandikwa, halafu `Ctrl+Alt+2` ili kukivika `Heading 2`. Kwenye tasnifu ya Ruvu kazi hii ilikula saa nzima, na ilipokwisha jedwali la yaliyomo lilijipanga lenyewe baada ya kubonyeza `F9`. Kwa siku zijazo, maandishi kutoka faili jingine yabandikwe kwa kuchagua `Keep Text Only`. Yataingia bila mitindo na bila orodha, na utayavisha mwenyewe.

Kuna mtego mmoja wa mitindo unaostahili kutajwa hapa. Ukifungua `Modify` ya mitindo mingi ya aya utakuta kisanduku kilichoandikwa `Automatically update`. Kikiwa kimewekwa tiki, ukikoleza wino wa aya moja tu, aya zote za mtindo huo zinakolea kwa pamoja. Watu wamekaribia kulia kwa sababu ya tiki hiyo. Iondoe.

Tuje kwenye pambizo. Chuo kilitaka sentimita 4 kushoto kwa ajili ya kujalidi, na 2.5 pande nyingine. Katikati ya sura ya nne palikuwa na jedwali pana lililolazwa kwenye ukurasa wa mlalo. Ili ukurasa mmoja ulale na mingine isimame, faili lazima ligawanywe sehemu, na kati ya sehemu na sehemu kuna kikomo, `Section Break`. Alama zikiwa zimewashwa kinaonekana kama mstari wa nukta wenye maandishi hayo katikati. Kanuni yake ndiyo inayowachanganya hata wazoefu: kikomo kinatunza mpangilio wa sehemu iliyo kabla yake, na wala si wa ile inayofuata. Pambizo, mwelekeo wa karatasi, namba za kurasa, vyote vya sehemu iliyotangulia vimo mle. Sehemu ya mwisho haina kikomo, hivyo mpangilio wake unatunzwa na mwisho wa faili lenyewe.

Mwanafunzi wetu aliona ukurasa mtupu kabla ya jedwali, akaona mstari wa nukta, akaufuta. Kwa kufanya hivyo alifuta mahali palipotunza pambizo na mwelekeo wa kurasa zote zilizotangulia ndani ya sehemu hiyo. Zikaungana na sehemu ya jedwali na kurithi mpangilio wake, na sura zote tatu za kwanza zikalala. Angebonyeza `Ctrl+Z` papo hapo yangeisha. Badala yake, mtu aliyetaka kumsaidia alichagua faili zima kwa `Ctrl+A` akaamuru `Portrait` na pambizo za kawaida. Kurasa zilisimama, lakini sentimita 4 za kujalidi ziliondoka kila mahali, na jedwali likakatwa upande wa kulia, safu mbili za takwimu zikaishia nje ya karatasi.

Kurekebisha kulihitaji utaratibu, si nguvu. Kwanza bofya kitufe cha kulia cha kipanya kwenye ukanda wa chini wa dirisha la Word na uweke tiki kwenye `Section`. Sasa popote kishale kilipo utasoma uko sehemu ya ngapi. Weka kishale mwanzoni kabisa mwa aya iliyotangulia jedwali, kwa kawaida anwani ya jedwali, nenda `Layout`, `Breaks`, `Next Page`. Fanya hivyo tena baada ya jedwali kama kikomo cha pale nacho hakipo. Vikomo vipya huzaliwa vikiwa na mpangilio unaofanana pande zote, kwa hiyo ingia ndani ya sehemu ya jedwali, fungua `Page Setup`, chagua `Landscape`, na hakikisha `Apply to` inasema `This section`. Halafu zirudie sehemu nyingine moja moja na kuzirudishia sentimita 4. Ukurasa ukilazwa, Word huzizungusha pambizo pamoja nao, kwa hiyo angalia kwamba upande wa kujalidi wa ukurasa wa jedwali sasa ni wa juu.

Picha ndizo zinazolaumiwa zaidi, ingawa sheria yake ni rahisi kuliko zote. Picha ikiwa imewekwa `Square` au `Tight` au `Behind Text`, inaelea, na kila kinachoelea kina nanga. Bofya picha, na alama ndogo ya nanga itatokea pembeni ya aya fulani. Isipoonekana hata alama zikiwa zimewashwa, nenda `File`, `Options`, `Display`, uweke tiki `Object anchors`. Picha hulazimika kuwa ukurasa mmoja na aya iliyoishika nanga yake. Ramani ya bonde la Ruvu ilikuwa chini ya ukurasa wa 47, lakini nanga yake ilikuwa kwenye aya ya mwisho ya ukurasa ule. Kwenye kompyuta ya steshenari fonti ya mwanafunzi haikuwepo, Word ikatumia nyingine yenye herufi pana kidogo, aya ile ikasukumwa ukurasa wa 48, na ramani ikaifuata. Anwani yake, iliyokuwa kwenye aya nyingine, ilibaki 47 ikielezea nafasi tupu.

Kuivuta kwa kipanya kunaihamishia nanga kwenye aya nyingine usiyoichagua, na kesho itaruka upya. Kwa tasnifu na ripoti, ushauri wangu hauna kigugumizi: usielezeshe picha. Bofya picha, fungua `Layout Options`, chagua `In Line with Text`. Picha sasa ni kama herufi moja kubwa ndani ya aya, na haiwezi kwenda mahali bila aya yake. Iweke kwenye aya ya peke yake, iwe katikati, na kwenye mpangilio wa aya hiyo, kichupo cha `Line and Page Breaks`, weka tiki `Keep with next` ili anwani iliyo chini isiachane nayo. Ikiwa baada ya hapo unaona ukanda mwembamba tu wa picha, kama imekatwa kwa wembe, picha haina kosa. Aya ina nafasi ya mistari iliyowekwa `Exactly`, na urefu wa mstari mmoja ndio unaoonyeshwa. Badilisha iwe `Single` na ramani yote itatokea.

Kisa hiki cha fonti kinaleta swali ambalo ni lazima liulizwe kabla ya kulitangaza faili kuwa bovu: je, tatizo linasafiri na faili, au limebaki kwenye kompyuta? Lifungue kwenye mashine nyingine. Likitulia huko, ugonjwa uko kwenye mashine ya kwanza. Mara nyingi ni fonti iliyokosekana. Kagua pia karatasi: kompyuta nyingi huja zimepangiwa Letter ya Marekani, yenye urefu wa milimita 279.4, wakati A4 yetu ina 297. Tofauti hiyo ni karibu mistari mitatu au minne kila ukurasa, na kwenye kurasa 140 inatosha kuhamisha kila kitu. Hata printa iliyochaguliwa inaweza kusogeza mistari. Fonti unaweza kuifungasha ndani ya faili: `File`, `Options`, `Save`, tiki `Embed fonts in the file`. Faili litanenepa, na baadhi ya fonti haziruhusu kufungashwa, lakini Times New Roman na nyingine za kawaida hazina shida.

Sasa lile la nne. Baada ya yote hayo, tasnifu ya Ruvu ilihifadhiwa, ikafungwa, ikafunguliwa, na kwenye vichwa vya sura ya nne pakawa na visanduku vyeusi mahali pa namba. Tukarekebisha, tukahifadhi, vikarudi. Dalili ya uharibifu wa kweli ndiyo hii: unachokirekebisha hakikai baada ya kufunga na kufungua, kwenye kompyuta yoyote. Dalili nyingine ni Word kuganda kila inapofika ukurasa uleule, idadi ya kurasa kubadilikabadilika bila mtu kuandika, au ujumbe wa `Word found unreadable content`.

Jaribu kwanza njia iliyomo ndani ya Word: `File`, `Open`, `Browse`, chagua faili, bofya mshale mdogo ulio kando ya kitufe cha `Open`, kisha `Open and Repair`. Husaidia kwa faili lisilofunguka kabisa. Kwa faili linalofunguka lakini linafanya vituko, sijaliona likisaidia sana.

Njia inayofanya kazi zaidi ni kulihamisha andiko liache ganda lake. Nenda mwisho kwa `Ctrl+End`, gonga Enter mara moja ili kupata aya tupu, na uache kishale ndani ya aya hiyo tupu. Kutoka hapo bonyeza `Ctrl+Shift+Home`, utakuwa umechagua kila kitu isipokuwa ile ¶ ya mwisho kabisa. Nakili, fungua faili jipya, bandika. Mwisho wa faili ndipo taka nyingi za mpangilio hurundikana, na umeziacha nyuma. Vikomo vya sehemu navyo vinaweza kubeba uharibifu kwa jinsi hiyohiyo. Kwa hiyo kama faili lina sehemu kadhaa, hamisha moja moja bila kikomo chake, na utengeneze vikomo vipya kwenye faili jipya. Namba za kurasa na maandishi ya juu na chini ya ukurasa itabidi uyaweke upya.

Kwetu visanduku vilihamia nasi. Ikabaki kugawa nusu kwa nusu. Chukua kurasa 70 za kwanza uzibandike kwenye faili jipya, hifadhi, funga, fungua. Zilikuwa safi. Basi ubovu uko kwenye 70 za pili. Gawa tena, 35, kisha 18, kisha 9. Kwa hatua chache tulilifikia jedwali moja lililobandikwa kutoka kwenye tovuti, lenye jedwali jingine ndani ya kisanduku chake na namba za orodha ndani ya hilo. Tulilinakili kama maandishi matupu, tukalifuta, tukalijenga upya kwa mkono, na vichwa vya sura ya nne tukaviandika upya kwenye aya mpya. Faili lilifungwa na kufunguliwa mara kadhaa likiwa limetulia.

Mbinu hizi hazirudishi kilichokwisha kupotea. Flashi ikichomolewa wakati faili linahifadhiwa, huenda sehemu ya mwisho haikuandikwa kabisa. Hata hapo picha huenda zikaokoka, kwa sababu faili la `.docx` ni furushi la zipu. Badili jina la nakala limalizike na `.zip`, jaribu kulifungua, na likifunguka utazame ndani ya folda ya `word`, kisha `media`: ramani na michoro yako imo mle, kila moja kama faili la picha. Maandishi unaweza kujaribu kuyavuta kwa kuchagua `Recover Text from Any File` kwenye orodha ya aina za mafaili unapofungua. Utayapata yakiwa uchi, bila vichwa wala majedwali.

Tasnifu ikishatulia, isiende tena steshenari kwa `.docx`. Ihifadhi kama PDF kwenye kompyuta ileile ambayo umeihakiki, uifungue hiyo PDF upite kila ukurasa wenye picha na kila ukurasa wa mlalo, na umkabidhi mhudumu hiyo. Mwambie achague A4 na uchapishaji wa ukubwa halisi, `Actual size`. Akiacha `Fit`, karatasi yote itasinyaa kidogo na sentimita 4 za kujalidi hazitakuwa 4 tena ukizipima kwa rula.